Nyuma ya Bibi Arusi

Zipo nyumba za Mocímboa da Praia ambazo leo zimebaki mahali pamoja tu: nyuma ya mabega ya watu, katika picha za arusi, za Idi, na za watoto waliosimamishwa mlangoni wakiwa na sare mpya za shule. Hakuna aliyekusudia kuzipiga picha nyumba zenyewe. Nani hupiga picha ukuta wa jirani? Ziliingia kwa bahati, nusu nusu, zikiwa na baiskeli iliyoegemezwa na kamba ya kuanikia nguo, na huenda mwenye picha alizichukia siku ile kwa kuwa zilimharibia pozi.

Vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilianzia mji huo, alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 waasi waliuteka pamoja na bandari yake, wakaushikilia kwa takriban mwaka mzima, mpaka majeshi ya Rwanda na ya Msumbiji yalipowaondoa Agosti 2021. Katikati ya mwaka huo, tarehe 24 Machi 2021, Palma nayo ikavamiwa. Na kabla ya miji hiyo kutekwa, Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilikuwa kimeshazipiga Ibo na Macomia, kikang'oa mapaa ya makuti na ya mabati bila kuchagua. Mamia ya maelfu ya watu walihama, wengi wakielekea Pemba, baadhi kwa mashua zilizotia nanga ufukweni Paquitequete. Waliweza kubeba vichache. Simu, kwa aliyekuwa nayo, ilibebwa kwa sababu inaingia mfukoni.

Kwa hiyo albamu ya familia nyingi za pwani hii ni kioo cha simu. Na humo humo ndani ya simu kimeingia kitufe kinachoweza kuliondoa jambo lolote katika picha kwa kulizungushia kidole. Google ilikileta mwaka 2021 katika simu zake za Pixel kwa jina la Magic Eraser, na mwaka 2024 ikakifungua bure kwa watumiaji wa kawaida wa Google Photos. Samsung wana chao. Apple walileta chao, Clean Up, Oktoba 2024. Kazi ambayo zamani ilimkalisha fundi wa studio saa nzima mbele ya kompyuta sasa inamalizika kabla chai haijapoa, na anayeifanya hahitaji kujua chochote kuhusu picha.

Tuseme basi ipo picha moja ya arusi iliyosalimika. Bibi arusi amesimama barazani, hina mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake inaonekana nusu ya nyumba ya jirani, nguzo ya umeme, pikipiki, kanga iliyoanikwa, na kijana aliyekuwa akipita zake bila kujua kwamba anaingia katika arusi ya watu. Mtu anataka picha hiyo iwekwe ukutani, na anataka isafishwe. Swali langu ni kama ikishasafishwa itakuwa bado ni ushahidi wa kile kilichokuwa mbele ya kamera siku ile, au imegeuka kitu kingine chenye sura ileile.

Ili kulijibu, ni lazima kwanza kuona kitufe kinafanya nini hasa. Kidole kinapomzunguka yule kijana, programu hutafuta mpaka wake, yaani pale mwili wake unapoishia na ukuta unapoanzia, na zilizo bora huchukua na kivuli chake mchangani. Eneo hilo lote hutupwa. Hapo picha ina tundu lenye umbo la mtu. Kama kazi ingeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini tundu halivutii, kwa hiyo programu inalijaza. Vizazi vya kwanza vya kazi hii, kama kile kilichoingia katika Photoshop mwaka 2010, vilijaza kwa kuchota vipande kutoka sehemu nyingine za picha hiyohiyo: mchanga kidogo wa kulia, ukuta kidogo wa kushoto, vikaunganishwa kama fundi wa mkeka anavyoziba palipotoboka kwa ukili wa rangi ileile. Vizazi vya sasa vimefunzwa kwa picha nyingi mno, navyo hubuni: vinakisia ni kitu gani kwa kawaida hukaa mahali kama hapo, kisha vinakichora.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kamera haikuona chochote nyuma ya yule kijana. Mwanga uliotoka kwenye ukuta uliokuwa mgongoni kwake ulizuiwa naye, haukufika kwenye lenzi, haukuandikwa popote. Hakuna nakala iliyofichwa ndani ya simu inayoonyesha ukuta huo. Kwa hiyo kitufe kinafanya kazi mbili, na mtumiaji anadhani ameomba moja. Ameomba kitu kiondolewe. Amepewa pia kitu ambacho hakikuwapo, kimekaa katikati ya vile vilivyokuwapo, kina mwanga uleule na chembechembe zilezile, na hakuna alama inayovitenganisha.

Kuna watakaosema kwamba simu haikuwahi kuwa mkweli hata kabla ya hapo. Wana hoja. Simu ya leo hupiga fremu kadhaa kwa mfululizo na kuzichanganya kuwa moja, huinua weusi, hulainisha ngozi, huamua anga liwe la buluu kiasi gani. Hakuna picha ya simu ambayo ni mwanga mtupu ulioanguka ukakauka. Hata hivyo naona tofauti ambayo haizibiki. Fremu zile zilizochanganywa zilitoka mahali palepale, karibu wakati uleule. Simu ilizipamba, ilizipima vibaya, lakini ilizipokea. Ukuta uliojazwa mahali pa kijana haukupokelewa kutoka popote.

Watu wa magazeti walikutana na swali hili zamani, na walilijibu kwa ukali unaoweza kushangaza. Septemba 2013, mpiga picha wa kujitegemea Narciso Contreras, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la Associated Press huko Syria, alimpiga picha mpiganaji akijikinga kwenye kilima chenye mawe. Kwenye pembe ya chini kushoto iliingia kamera ya video ya mwanahabari mwenzake. Contreras aliiondoa, akajaza mawe na udongo. Kamera ile haikuwa na uhusiano wowote na vita. Mpiganaji alibaki yuleyule, bunduki ileile. Hata hivyo Januari 2014, baada ya yeye mwenyewe kuwaeleza wahariri, shirika lilivunja uhusiano naye. Lilipitia karibu picha 500 alizowahi kulipatia na halikuona nyingine iliyochezewa. Huyu alikuwa katika kundi lililoshinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliotangulia.

Zamani nilidhani hukumu ile ilikuwa kubwa kuliko kosa. Siku hizi naona kwamba ile kamera pale chini ilikuwa na habari kuliko mawe yaliyoizika. Ilimwambia mtazamaji kwamba kilimani palikuwa na wanahabari zaidi ya mmoja, na kwamba mpiganaji alijua anatazamwa. Ukiiondoa, unapata mtu mmoja peke yake na kifo. Ni picha nzuri zaidi, ni hadithi nyingine.

Lipo pia suala la nguzo. Tarehe 4 Mei 1970, katika Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, John Filo alimpiga picha msichana aliyepiga magoti kando ya mwanafunzi aliyeuawa kwa risasi za askari. Nyuma ya msichana, kama iliyochomoza kichwani mwake, palikuwa na nguzo ya uzio. Miaka mingi baadaye, mwaka 1995, jarida la Life lilichapa picha hiyo bila nguzo, na wahariri wake walisema hawakujua kwamba nakala waliyokuwa nayo ilishaguswa na mkono wa mtu. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko udanganyifu wa makusudi: nakala safi ilikaa kabatini ikasubiri, aliyeisafisha akasahaulika, na waliokuja baadaye wakaichukua kwa nia njema.

Lakini ukali wa magazeti una upofu wake, na mfano bora nauona kwa jirani zetu wa Uganda. Januari 2020, huko Davos, wasichana watano wanaotetea mazingira walisimama mbele ya milima yenye theluji, na mpiga picha wa Associated Press akawapiga. Mwanzoni mwa mstari, kushoto, alikuwa Vanessa Nakate, Mganda, na Mwafrika pekee kati yao. Nyuma yake lilionekana jengo. Picha ilipotoka ilikuwa na wasichana wanne. Shirika lilieleza kwamba mpiga picha aliikata pembeni ili kuliondoa lile jengo, kwa kuwa liliharibu mpangilio. Baadaye mhariri mkuu aliomba radhi, na picha nzima ikatolewa.

Nimeitafakari picha hiyo mara nyingi kwa sababu inaivuruga sheria. Kukata pembe kunaruhusiwa. Wapiga picha hukata kila siku. Kila kitone kilichobaki katika ile picha ya wanne kilikuwa cha kweli, hakuna theluji iliyobuniwa. Na bado ilikuwa rekodi ya uongo ya nani alisimama pale. Sasa mpe mpiga picha yule kitufe cha leo. Angelizungushia kidole jengo, jengo lingeondoka, milima ingejazwa, na Nakate angebaki. Sheria ya gazeti ingemfukuza kazi kwa hilo, ilhali ile ya wanne ilipita mezani bila swali. Kwa hiyo kuna uaminifu wa aina mbili ambao haulindwi na kanuni moja: uaminifu wa mahali, kwamba kila sehemu ya picha ilitokana na kilichokuwa pale, na uaminifu wa tukio, kwamba waliohusika hawakupunguzwa. Picha inaweza kuushika mmoja na kuuvunja wa pili.

Ukiniuliza ningechagua upi kama ningelazimishwa, kwa picha ya Davos ningechagua Nakate abaki na theluji iwe ya kubuni. Kwa Cabo Delgado jibu langu ni jingine, na sababu yake ni Awasse.

Awasse ni mji mdogo katika wilaya ya Mocímboa da Praia, penye njia panda na kituo cha kupoozea umeme. Katikati ya Septemba 2020 ilienea video fupi ya simu: mwanamke asiye na nguo anatembea barabarani akifuatwa na watu wenye sare za jeshi, anapigwa kwa fimbo, kisha anapigwa risasi nyingi hata baada ya kuanguka. Sitaieleza zaidi. Wizara ya Ulinzi ya Msumbiji ilisema ni ya kutisha na kwamba ukweli wake utachunguzwa. Na siku chache kabla, video nyingine zilipotoka, serikali ilikuwa imeshasema kwamba waasi huvaa sare za jeshi kwa makusudi. Mtu yeyote anayevijua vita hivi anajua kwamba hoja hiyo si ya kutupwa hivihivi, maana sare ziliibiwa kweli.

Amnesty International waliichunguza, na wakaweza kusema ilipigwa wapi: barabara ya R698, upande wa magharibi wa kituo cha umeme cha Awasse. Walijuaje? Uso wa mtu hausemi yuko wapi. Kinachosema huwa ni vitu ambavyo hakuna aliyevitazama: umbo la barabara, nguzo na nyaya zake, jengo kwa mbali, miti ilivyokaa. Kazi hiyo huenda hivi. Mchunguzi huchukua picha ya setilaiti, hutafuta mahali ambapo barabara inapinda vile, nguzo zinakaa upande ule, jengo linaonekana kwa pembe ile; kisha huangalia kivuli kinaangukia wapi ili akisie saa. Kitu kimoja hakitoshi, kwa kuwa nguzo za umeme zimejaa Afrika nzima. Vitu vitatu au vinne vikikubaliana kwa nafasi na umbali, mahali hujulikana. Kikikosekana kimoja, dai hulegea. Kikiwepo kimoja kilichobuniwa, dai huvunjika, kwa sababu mchunguzi atatafuta duniani mahali ambapo hapapo.

Tazama basi orodha ya vitu ambavyo kitufe cha simu hupendekeza chenyewe kuondolewa: nyaya za umeme, nguzo, watu wa mbali waliopita nyuma. Nguzo na nyaya ni ushahidi wa aina ileile inayohitajika Awasse. Waliokitengeneza hawakuwa na nia mbaya, walifikiria picha za matembezi. Lakini hapo ndipo lilipo jibu langu kwa picha ya arusi. Katika picha yoyote sehemu iliyo na uaminifu zaidi ni ile ambayo hakuna aliyeipanga. Bibi arusi alijipanga, mpiga picha alimwambia ainue kidevu, nguo zilikodiwa. Pikipiki na ukuta wa jirani havikuambiwa chochote. Kitufe hiki kinakwenda moja kwa moja kwenye kile ambacho hakikupangwa, kinakiondoa, na kinaacha kilichopangwa peke yake. Mtu anayesafisha hajui bado ni kitu gani kitahitajika, na hawezi kujua. Siku ile ya arusi nyumba ya jirani ilikuwa uchafu nyuma ya picha, na leo huenda mwenye nyumba hiyo ana haja ya kumwonyesha mtu kwamba aliwahi kuwa na nyumba hapo, ukuta wake wa matumbawe, mlango wake upande wa bahari.

Huko nyuma waandishi wenyewe walikuwa wachache kaskazini, na hali yao ilikuwa ngumu. Amade Abubacar, mwandishi wa redio ya jamii, alikamatwa Macomia Januari 2019 akiwahoji watu waliokimbia vijiji vyao, akawekwa ndani kwa zaidi ya miezi mitatu. Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alitoweka tarehe 7 Aprili 2020, baada ya kumwandikia mwenzake kwamba amezungukwa na askari, na hajaonekana tena. Palipo na wachache kama hao wa kuandika, picha za watu wa kawaida ndizo hubeba mzigo, zikiwemo zile zilizopigwa kwa ajili ya arusi.

Sasa ninakuja kwenye upande ambao unanipa shida, kwa sababu pwani hii kuonekana kwenye picha kunaweza kumuua mtu. Si kila anayetaka mtu aondolewe anataka kusema uongo. Fikiria mama anayemwendea kijana anayesafisha picha, Pemba.

“Mwanangu, huyu niondolee.”

“Yupi, mama? Huyu aliyemshika bega bwana arusi?”

“Huyo huyo. Ni mwanangu wa pili. Simu hii ikionwa na picha yake, watatuuliza.”

Nani atamlaumu? Mwanawe huenda alikwenda na mashababi kwa hiari, huenda alichukuliwa kwa nguvu kama wengi walivyochukuliwa, na kwa anayeshika bunduki barazani mwake tofauti hiyo haitamsaidia. Mimi ningempa kila alichoomba. Ila ningemwomba tusitumie kitufe kile. Kwanza, kwa sababu hakifanyi kazi anayodhani: mkono wa mwanawe uko begani kwa bwana arusi, na programu ikimwondoa mtu inaweza kuacha vidole vinne vikiwa vimeshika bega pasipo mwenyewe. Picha kama hiyo inazua maswali mabaya zaidi kuliko ile ya kwanza. Pili, kwa sababu ya siku ambayo mama huyu atataka kumtafuta. Msalaba Mwekundu hufanya kazi ya kuwatafuta waliopotezana na jamaa zao katika jimbo hili, na kazi hiyo husaidiwa na picha. Inawezekana hii ndiyo pekee aliyonayo.

Njia ambayo ningemshauri ni ya zamani na haipendezi: kufunika uso kwa rangi nyeusi tii, au kukata upande ule wote wa picha, na nakala asili kuhifadhiwa kwa mtu aliye mbali, nje ya simu ile. Doa jeusi linakiri. Linamwambia mtazamaji kwamba hapa palikuwa na mtu na mwenye picha ameamua usimwone. Hakuna aliyedanganywa, wala mchanga wa uongo haujaongezwa duniani. Ni lazima rangi iwe nzito kweli, kwa sababu kalamu nyingi za kuchorea ndani ya simu, hasa zile za kuangazia maandishi, hupitisha mwanga. Mtu akizidisha mng'ao wa picha, uso uliofunikwa kwa mipigo mitatu minne hutokeza. Ukungu mwepesi nao hautoshi kwa mtu anayejulikana kijijini, kwani shati na kimo humtambulisha.

Najua doa jeusi kwenye picha ya arusi ukutani ni kitu kigumu kukitazama kila siku. Hilo sina dawa yake. Mtu akitaka picha ya ukutani isiyo na doa, na akaamua kujaza mchanga, huo ni uamuzi wa nyumbani kwake, na mimi sioni dhambi katika kupamba sebule. Shida huanza nakala ya sebuleni inapotumwa, ikatumwa tena, na mwisho ikabaki peke yake, kama ile ya Kent State isiyo na nguzo.

Na ikishabaki peke yake, utaijuaje? Kwa pwani yetu kuna dalili ambazo hazihitaji maabara. Tazama maandishi. Kanga iliyoanikwa nyuma ina jina lake, yaani ule msemo wa chini, na mashua ina jina ubavuni. Programu inayobuni hujua kwamba hapo huwa na herufi lakini haijui kusoma, kwa hiyo mara nyingi hutoa alama zinazofanana na herufi zisizosomeka katika lugha yoyote. Tazama makuti: kuti moja likirudiwa mara mbili na mikunjo ileile, limenakiliwa. Tazama maji yaliyotulia, maana mtu akiondolewa ufukweni taswira yake majini husahaulika. Tazama mstari wa upeo wa bahari unapopita nyuma ya eneo linaloshukiwa, kama umeshuka au umepanda kidogo unapotokea upande wa pili. Dalili hizi zinapungua mwaka hadi mwaka kadiri programu zinavyoboreka, na kutoziona hakuthibitishi kwamba picha ni safi.

Ndani ya faili yenyewe kuna msaada mwingine. Google na Apple wameziwekea picha zilizoguswa na vitufe hivi maandishi ambayo macho hayaoni. Mwenye kompyuta akiifungua picha kwa programu ya exiftool anaweza kukuta katika mstari wa `DigitalSourceType` neno `compositeWithTrainedAlgorithmicMedia`, ambalo ni kukiri kwamba sehemu ya picha imetengenezwa na mashine. Wataalamu huenda mbali zaidi: kila kihisi cha kamera kina kasoro ndogo ndogo zake zinazojirudia katika kila picha, na mahali palipojazwa kasoro hizo hukosekana. Kwa picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu, vipimo hivi vina nguvu.

Lakini picha za kaskazini hazisafiri hivyo. Husafiri kwa WhatsApp, kutoka Palma kwenda Mtwara, kutoka Mtwara kwenda kwa mjomba Dar es Salaam, na WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ukubwa, huibana upya, na huyafuta maandishi yale ya ndani. Alama ya kukiri inaondoka pamoja na tarehe na mahali. Zile kasoro za kihisi zinasagwa. Baada ya mikono mitatu, picha iliyosafishwa na isiyosafishwa zinalingana kwa unyonge, na hapo hasara inamwangukia pia yule mwenye picha ya kweli: akiitoa kama ushahidi, mshitakiwa anaweza kusema tu kwamba imechezewa, na hakuna wa kumbishia. Ipo njia ya kuikwepa, nayo ni kuituma kama faili, kwa ile sehemu iliyoandikwa “Document” au “Hati”, ambayo huifikisha jinsi ilivyo. Watu wachache huitumia, kwa kuwa inakula bando zaidi na picha haifunguki papo hapo kwenye mazungumzo.

Na hifadhi nayo ina bei. Picha asili ya arusi ina megabaiti nne au tano. Ile iliyopita WhatsApp haifiki hata moja. Simu ndogo ikijaa, ikaonya kwamba nafasi imekwisha na ujumbe mpya hautaingia, mtu hufuta kilicho kikubwa, na kati ya nakala mbili zinazofanana hubakiza ile inayopendeza.